Kabla Hujarusha Dadu



Jumamosi iliyopita usiku nilishindwa vita ambavyo, kabla sijarusha dadu hata moja, nilikuwa nimeshajihesabia kuwa nimevishinda. Hakuna aliyeumia, wala hakuna aliyepoteza senti. Vilikuwa vita vya ubaoni, sebuleni kwa dada yangu, baina ya watu wanne na birika la chai ya tangawizi. Lakini tangu usiku ule nimekuwa nikirudia hesabu zake, na leo ningependa tuzirudie pamoja, kwa sababu ndani yake mna jibu la swali ambalo kila mchezaji wa mchezo ule hujiuliza katika kila zamu: nishambulie, au nitulie?

Mchezo wenyewe unaitwa Risk. Aliyeubuni ni Mfaransa Albert Lamorisse, mtengeneza filamu yule yule aliyetoa filamu ya Puto Jekundu mwaka 1956. Ubao wake ulitoka kwanza Ufaransa mwaka 1957, na miaka miwili baadaye ukaingia sokoni Marekani. Ni ramani ya dunia iliyokatwa katika maeneo 42, na maeneo hayo yamekusanywa katika mabara sita. Kila mchezaji ana askari wake wa rangi moja, na kila eneo lazima liwe na askari mmoja au zaidi. Ukilishika bara zima, kila zamu yako ikifika unaongezewa askari: Afrika inakupa watatu, Ulaya watano, Asia saba.

Sisi wa pande hizi tunajikuta ubaoni katika eneo moja tu, limeandikwa Afrika ya Mashariki. Linapakana na Misri, Afrika Kaskazini, Kongo na Afrika Kusini. Ng'ambo ya maji kuna Bukini, na upande wa pili kuna Mashariki ya Kati. Ukitoka Asia ukataka kuingia Afrika, huna budi kuanzia Mashariki ya Kati, na kutoka hapo una milango miwili: Misri au Afrika ya Mashariki. Shika picha hiyo, msikilizaji, kwa sababu vita vyangu vilipita katika mlango huo wa pili.

Sasa tuanze na dadu. Mshambuliaji anaruhusiwa kurusha dadu tatu, mradi eneo lake lina askari wanne au zaidi, kwa kuwa mmoja lazima abaki kulinda nyumba. Anayeshambuliwa anarusha dadu mbili akiwa na askari wawili au zaidi, na dadu moja akiwa na askari mmoja. Baada ya kurusha, dadu kubwa ya huyu inalinganishwa na dadu kubwa ya yule, kisha ya pili kwa ya pili. Aliye na namba ndogo anatoa askari mmoja. Na zikiwa sawa, anayepoteza ni mshambuliaji. Sare ni ya mwenye nyumba.

Kanuni hiyo ya sare inaonekana ndogo, lakini ina uzito mkubwa. Chukua dadu moja dhidi ya dadu moja. Kuna njia 36 za dadu hizo mbili kutua. Katika njia 15 mshambuliaji ana namba kubwa, katika 15 mlinzi ana namba kubwa, na katika sita zinalingana. Hizo sita zote ni za mlinzi. Kwa hiyo mshambuliaji anashinda njia 15 na mlinzi 21. Mtu anayeshambulia kwa dadu moja ameshaanza akiwa nyuma, asilimia 42 dhidi ya 58, kabla dadu haijaondoka mkononi.

Kinachomwokoa mshambuliaji ni dadu ya tatu. Akirusha tatu anachagua mbili zilizo kubwa na kuitupa iliyo ndogo, na uhuru huo wa kuchagua unafidia hasara ya sare na kuzidi kidogo. Dadu tatu dhidi ya mbili zina njia 7,776 za kutua. Katika njia 2,890 mlinzi anapoteza askari wawili; hiyo ni kama asilimia 37. Katika 2,611 kila upande unapoteza mmoja. Asilimia 34 hivi. Na katika 2,275 mshambuliaji anapoteza wote wawili, asilimia 29. Tofauti si kubwa, lakini ipo, na iko upande wa anayeshambulia.

Lakini faida hiyo ni yako kwa masharti. Unakuwa nayo ukiwa bado na askari wa kurusha dadu tatu. Ukishuka hadi dadu mbili dhidi ya mbili, mambo yanageuka: mlinzi anakuondolea askari wote wawili mara 45 katika 100, na wewe unamwondolea wawili mara 23 tu. Ndiyo sababu vita vidogo vinamfaa mlinzi, na vita vikubwa vinamfaa mshambuliaji. Tukiwahesabu askari wa kupigana peke yao, bila yule wa kulinda nyumba, wanne wakiwashambulia wanne, mshambuliaji ana asilimia 48. Watano kwa watano, ana asilimia 51. Hapo ndipo mizani inapovuka katikati.

Namba hizi hazikupatikana kwa urahisi. Mwaka 1997 mtafiti Baris Tan alichapisha makala ya kukokotoa vita vya Risk, lakini alihesabu dadu kubwa na dadu ya pili kana kwamba kila moja imetua bila kuhusiana na nyenzake. Ukweli ni kwamba zinahusiana. Dadu ya pili haiwezi kuizidi ya kwanza, kwani zote zimetoka katika mkono mmoja uliorushwa na kupangwa. Mwaka 2003 Jason Osborne alizirekebisha hesabu hizo. Kama mtaalamu aliteleza hapo, mimi na wewe tulio sebuleni hatuna haja ya kuona haya kutumia karatasi na kalamu.

Sasa nikupeleke kwenye ubao wetu wa Jumamosi.

Mpwa wangu, aliyekuwa na askari wa kijani, alikuwa amebakiwa na maeneo matatu tu duniani. Afrika ya Mashariki alikuwa na askari wawili. Afrika Kusini mmoja. Bukini mmoja. Jumla askari wanne. Lakini mkononi alikuwa na kadi nne, na hapo ndipo macho ya kila mtu yalipokuwa. Katika mchezo huu, ukiteka japo eneo moja katika zamu yako unapata kadi, na kadi tatu zinazopatana unazibadilisha kwa askari. Seti ya kwanza inayobadilishwa mezani inaleta askari wanne, ya pili sita, kisha nane, kumi, kumi na wawili, kumi na watano. Sisi tulikuwa tumefika kwenye hiyo ya kumi na watano. Na kanuni inasema ukimmaliza mchezaji kabisa, kadi zake zote zinakuwa zako. Mimi nilikuwa na kadi mbili. Ningemmaliza mpwa wangu ningekuwa na sita, ningelazimika kubadilisha seti papo hapo, na askari kumi na watano wangeingia mikononi mwangu katikati ya zamu yangu.

Mashariki ya Kati nilikuwa na askari wanane. Mmoja wa kulinda nyumba, saba wa kupigana. Nikatazama: saba kwa wanne. Nikasema moyoni, huyu amekwisha.

Hapo ndipo lilipo kosa la kwanza, na nimewaona wengi wakilifanya. Niliwahesabu askari wake, sikuyahesabu maeneo yake. Kila eneo unaloteka linakudai askari mmoja abaki pale, ili uweze kusonga mbele. Kwa hiyo adui aliyetawanyika anakugharimu kwa njia mbili: wale anaowaua, na wale unaowaacha njiani.

Ipo njia ya kukokotoa gharama hiyo kichwani, na ningependa uishike, kwa sababu haihitaji jedwali. Ukiwa na dadu tatu, eneo lenye mlinzi mmoja linakuulia wastani wa nusu askari. Eneo lenye walinzi wawili linakuulia mmoja na nusu. Lenye watatu linakuulia wawili na robo hivi, na lenye wanne watatu na kidogo. Angalia vizuri mlinzi wa pili: yule wa kwanza anakugharimu nusu, lakini wa pili anapoongezeka gharama inapanda kwa askari mzima. Sababu yake ni ile ile tuliyoiona: mlinzi akiwa peke yake ana dadu moja dhidi ya tatu, na unamwangusha mara 66 katika 100. Wakiwa wawili, wana dadu mbili, na sare mbili za kutegemea.

Baada ya hapo, kwa kila eneo ongeza askari mmoja wa kuacha nyuma. Eneo la mlinzi mmoja sasa linagharimu mmoja na nusu. Eneo la wawili linagharimu wawili na nusu. Tujumlishe safari yangu: Afrika ya Mashariki wawili na nusu, Afrika Kusini mmoja na nusu, Bukini mmoja na nusu. Jumla ni watano na nusu, au kidogo zaidi. Nami nilikuwa na saba wa kupigana. Nilikuwa na ziada ya mmoja na nusu.

Ziada hiyo ina thamani gani? Hapa watu wengi wanajidanganya, kwa sababu wanadhani kuwa na askari wanaolingana na gharama ya wastani kunatosha. Hakutoshi. Wastani maana yake ni katikati: karibu nusu ya safari zitakugharimu zaidi ya hapo. Nimekaa na kalamu nikaikokotoa safari hii hatua kwa hatua. Kwa askari watano wa kupigana, nafasi ya kuyamaliza maeneo yote matatu ni asilimia 47. Kwa sita ni asilimia 65. Kwa saba ni asilimia 78. Kwa nane ni 86. Kwa hiyo ukifika kwenye gharama ya wastani, umefika kwenye kutupa shilingi juu, wala hujafika kwenye ushindi. Unahitaji askari mmoja na nusu juu yake ili uvuke robo tatu, na wawili na nusu ili uvuke asilimia 85. Jaribu hesabu hii katika eneo moja lenye walinzi wanne, ambalo gharama yake ni kama wanne na robo, utaona linafuata mwendo huo huo: kwa wanne 48, kwa watano 64, kwa sita 75, kwa saba 83.

Basi, saba kwa wanne waliotawanyika ilikuwa asilimia 78. Nafasi nzuri, msikilizaji. Siijutii. Ninachojutia ni kilichofuata, kwa sababu kuamua kushambulia si uamuzi mmoja. Kila dadu inapotua, vita vimekuwa vipya, na uamuzi unaanza upya.

Nikarusha. Zangu zikatua tano, nne na mbili. Za mpwa wangu tano na nne. Sare juu, sare chini. Askari wangu wawili wakaondoka ubaoni, na yeye hakupoteza hata mmoja. Hayo ni yale yanayotokea mara 29 katika 100, wala si ajabu.

Pale pale ningesimama nikahesabu. Nilikuwa na sita Mashariki ya Kati, yaani watano wa kupigana, na safari ilikuwa bado nzima mbele yangu: wawili, mmoja, mmoja. Asilimia 47. Nilikuwa nimeshuka kutoka 78 hadi chini ya nusu kwa kurusha mara moja. Lakini mimi sikuhesabu hivyo. Nilihesabu kwamba nimeshatoa askari wawili, na nikiacha sasa watakuwa wamekufa bure. Ndugu msikilizaji, askari aliyekwisha ondoka ubaoni hana kauli katika uamuzi unaofuata. Dadu hazijui kwamba nimepoteza, wala hazinidai wala hazidaiwi. Swali ni moja tu: kwa askari nilionao sasa, dhidi ya walio mbele yangu sasa, kuna nafasi gani?

Nikarusha tena. Sita, tatu na moja kwangu. Nne na tatu kwake. Kila mmoja akapoteza askari. Sasa nilikuwa na watano, wanne wa kupigana, na mbele yangu maeneo matatu yenye mlinzi mmoja mmoja. Asilimia 44. Nikarusha mara ya tatu, nikashinda, nikaingia Afrika ya Mashariki na askari wanne. Sebule nzima ilipiga kelele, na mimi nilijiona nimefika. Kwa kweli nilikuwa na askari watatu wa kupigana na maeneo mawili mbele, na nafasi yangu ilikuwa asilimia 58. Dadu ya Afrika Kusini ikatua tano, zangu nne, mbili na mbili. Nikabaki na wawili wa kupigana, asilimia 24. Nikarusha dadu mbili, nikapoteza tena. Sasa hata ningeshinda Afrika Kusini, yule mmoja angelazimika kuingia huko na kubaki, na Bukini isingefikika. Zamu yangu ikaisha.

Nikamwachia mpwa wangu maeneo mawili, askari mmoja mmoja, na kadi zake nne mkononi. Na baada yangu ilikuwa zamu ya shemeji yangu, mwenye askari wa bluu, aliyekuwa Kongo.

Shemeji akapanga nyongeza zake, akawa na askari sita Kongo. Watano wa kupigana. Akaingia Afrika Kusini, akavuka hadi Bukini, na mpwa wangu akawa nje ya mchezo. Kadi nne zikahamia kwa shemeji, askari kumi na watano wakamiminika, na usiku ule haukuwa na kingine cha kusimulia.

Sasa hapa ndipo kiini cha ninachotaka kusema leo. Tukiuliza kama shambulio lina nafasi nzuri, huwa tunaitazama nafasi yetu tu. Lakini kuna nafasi ya pili inayobadilika kila unaporusha dadu, nayo ni ya yule anayecheza baada yako. Nimeikokotoa pia, na ndiyo iliyoniuma kuliko zote.

Ningeacha baada ya kurusha mara ya kwanza, shemeji angekutana na mpwa wangu akiwa mzima: wawili, mmoja, mmoja. Kwa askari wake watano nafasi yake bora ingekuwa asilimia 47, sawa kabisa na niliyokuwa nayo mimi. Ningeacha baada ya mara ya pili, nilipokuwa nimemwondoa mlinzi mmoja, nafasi yake ingepanda hadi 68. Lakini mimi nilipoiteka Afrika ya Mashariki na kukwama humo, nilimfupishia safari ikabaki maeneo mawili yenye mlinzi mmoja mmoja, na nafasi yake ikafika asilimia 91. Kwa askari wangu mwenyewe nilimtoa jirani kutoka 47 hadi 91. Nilimkimbiza paa mpaka akachoka, akaenda kuanguka uani kwa shemeji.

Kwa hiyo unapotaka kummaliza mtu mwenye kadi, tafuta kwanza uko wapi mlango wa kurudi. Katika vita vyangu mlango huo ulikuwa mpakani, kabla sijaiteka Afrika ya Mashariki. Wakati dadu zilipokuwa zinagongana pale mpakani, ningeweza kuacha nikiwa bado na jeshi nyumbani na adui bado ana urefu wa kumchosha anayefuata. Nilipovuka, mlango ukafungwa. Mashariki ya Kati nilibakiza askari mmoja, jeshi langu likawa ugenini, na kila kilichobaki kilikuwa ama nimalize mimi, ama amalizie mwingine. Ndiyo maana dadu za mwanzo, zile za mpakani, ndizo za kufikiria zaidi. Hizo ndizo zenye ruhusa ya kubadili nia.

Je, hii ina maana kwamba chini ya asilimia 50 usishambulie kamwe? Hapana, na hapa napenda niwe mwangalifu. Tuseme shemeji angekuwa na askari kumi na wawili Kongo badala ya sita. Hapo angekuwa na kumi na mmoja wa kupigana kwa safari inayogharimu watano na nusu. Angempata mpwa wangu karibu kwa hakika, niache nisiache. Basi kusimama kwangu kusingeokoa chochote, na asilimia 47 zangu zingekuwa bora kuliko kukaa nikitazama kadi zikienda. Nafasi ile ile, dadu zile zile, lakini jibu tofauti, kwa sababu ukilinganisha unalinganisha na kile kitakachotokea usiposhambulia. Kinyume chake, kama anayefuata hana jeshi karibu, unaweza kungoja zamu moja, uongeze askari watatu, na uende ukiwa na asilimia 86 badala ya 47. Kungoja nako ni hatua ya mchezo, na kuna bei yake. Ipime kama unavyopima nyingine.

Jambo dogo lililobaki ni mpangilio wa njia. Shemeji alipokuwa Kongo angeweza kuanzia Afrika ya Mashariki au Afrika Kusini. Kama mpwa wangu angekuwa bado mzima, kuanza na eneo lenye walinzi wawili kungempa zile asilimia 47, lakini kulibakiza la mwisho kungemshusha hadi 41. Adui yule yule, askari wale wale. Sababu unaijua tayari: mwanzoni una askari wa kurusha dadu tatu, mwishoni pengine umebakiwa na wawili au mmoja. Eneo gumu lishughulikie ukiwa na nguvu kamili, na lenye mlinzi mmoja uliache kwa ajili ya mwisho, kwa maana hata dadu mbili dhidi ya moja bado zinashinda mara 58 katika 100. Pale ramani inapokupa hiari ya njia, itumie.

Na kuna dalili mbili za kukujulisha kwamba umeacha kuhesabu. Ya kwanza ni pale unapotaja jumla ya askari wako ukamsahau yule wa kulinda nyumba. Ukijisikia unasema wanane kwa wanne, rudi nyuma, ni saba. Dalili ya pili ni pale sababu yako ya kurusha inapoanza na maneno "nimeshatoa". Hapo hutazami tena ubao, unatazama rundo la askari waliolala pembeni.

Waswahili wanasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Huwa tunaitumia methali hii mchezo ukiisha, ili aliyeshindwa ampe mwenzake mkono. Baada ya Jumamosi ile nimeielewa zaidi katikati ya mchezo. Kushindwa kwa kurusha dadu mara moja kunakubalika. Kuna nafasi yake kabisa ndani ya asilimia 29. Aliyekataa kukubali hasara ya askari wawili ndiye aliyepoteza vita.

Basi nimejiwekea utaratibu mmoja. Kabla ya dadu ya kwanza nitahesabu gharama ya safari, kila eneo na askari wake wa kuacha nyuma, nitazame nina ziada gani, na nitamke kwa sauti namba nitakayosimama nayo. Jumamosi ile, kwa saba wa kupigana dhidi ya safari ya watano na nusu, namba hiyo ingekuwa watano: nikibaki na watano kabla ya kuvuka mpaka na walinzi wawili bado wamesimama, naacha. Kuitamka mapema kuna faida, kwa sababu wakati huo hakuna askari aliyekufa wa kunisemesha.

Nilipompa mpwa wangu hesabu hizi juzi, alizitazama kwa muda, kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea. Akasema, "Mjomba, kwa hiyo askari wangu wawili wa Afrika ya Mashariki, kama ningewaweka watatu, usingekuja?" Nikachukua kalamu. Mlinzi mmoja zaidi pale mlangoni, gharama ya safari inapanda kutoka watano na nusu hadi zaidi ya sita, na ziada yangu inashuka chini ya mmoja. Nikamwambia ukweli: ningefikiri mara mbili.

Akaandika namba tatu pembeni ya karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni. Jumamosi hii tunacheza tena.